Gruvu ya mwisho wa uzi: jicho halifiki begani, tuli inavunjika, rodi inakatikia hapohapo

Kuna kazi moja imenipitia mikononi mara tatu kwa kosa lilelile, nikaona niiandike yote kama ilivyokuwa. Ni rodi ya jeki ya tela la trekta, rodi yenyewe mm 32, mwishoni imekerezwa ikashuka hadi 24 na kukatwa uzi wa M24 pichi 2, yaani mm 2 kutoka jino la uzi hadi jino linalofuata, halafu linafungwa jicho la chuma linaloshika pini. Jicho linatakiwa lizunguke mpaka liegemee bega, yaani pale 32 inaposhuka kuwa 24. Kati ya bega na uzi ndipo inapokaa gruvu, ule mfereji mwembamba wa kuipa tuli, yaani kisu cha mashine ya kukereza, nafasi ya kutoka. Wengi tunaikata kwa macho tu, upana ni ule wa tuli ya kukatishia iliyopo mezani na kina ni "kidogo hivi", na hapo ndipo shida zote zinapoanzia.

Jicho lisipogusa bega ujue jeki ikisukuma mzigo wote unabebwa na uzi, wakati kazi ya kupokea msukumo ni ya bega. Jeki ikivuta uzi unabeba, ikisukuma uzi unabeba, unagongwa huku na huku hadi unalegea. Kwa hiyo dalili ya kwanza usiichukulie poa.

Jicho linasimama kabla ya bega

Rodi ya kwanza ililetwa hivi: jicho linaingia vizuri kwa mkono, ikibaki kama mm 2.5 linakaza, ukiweka bomba kwenye spana linasogea robo mzunguko halafu basi. Mwenye nayo alikuwa tayari ametia washa mbili kuziba ule uwazi. Washa zinaziba macho tu, chanzo kiko palepale.

Paka maka peni nyeusi kwenye nyuzi tatu nne za mwisho na ndani ya gruvu, funga jicho mpaka likaze, fungua uangalie rangi imekwaruzwa wapi. Ikikwaruzwa kwenye nyuzi za mwisho zilizo karibu na gruvu, uzi haujakamilika pale, aidha gruvu haina kina au ni nyembamba. Ikikwaruzwa kwenye kona ya bega tu, shida ni kona, nitaifikia.

Kwenye rodi hii rangi ilitoka kwenye nyuzi mbili za mwisho, na ukichungulia sakafu ya gruvu unaona alama ya tuli ya uzi imeendelea kuchora mle ndani. Hiyo alama peke yake inakupa jibu, maana kama tuli ya uzi inagusa sakafu ya gruvu basi kipenyo cha gruvu ni kikubwa kuliko shina la uzi, yaani kipenyo cha chini kabisa kati ya meno ya uzi. Nikapima nikapata 22.1.

Sasa 22 imetoka wapi? Nilimuuliza kijana aliyeikata akanijibu bila wasiwasi, "si 24 toa pichi 2 bro, ndo kanuni". Kanuni ni kweli ipo, ila ni ya tundu la kutobolea kabla ya kupitisha tepu, ni ya upande wa nati. Uzi wa nje unaingia ndani zaidi ya hapo. Shina la uzi wa nje wa metriki linapatikana kwa kutoa pichi mara 1.2269, kwa hiyo M24x2 shina lake ni 24 toa 2.454, inabaki 21.546. Ukikata gruvu ya 22 umeacha karibu nusu milimita kwenye kipenyo juu ya shina, tuli inafika pale bado ina nyama ya kukata, inajikunja, inasukuma chuma pembeni na kuacha ukingo uliovimba ambao jicho haliwezi kuupita.

Gruvu inatakiwa ishuke chini ya shina kidogo, si sawa na shina, kwa sababu uzi wenyewe una tolaransi na tuli ikiingia sehemu mbili tatu za mia za milimita zaidi usitake iguse. Jedwali la DIN 76, kiwango cha Kijerumani cha gruvu za uzi, kwa pichi 2 linatoa kipenyo cha uzi toa 3, yaani 21.0, tena tolaransi yake inashuka chini tu, kwa saizi hii kuanzia 21.0 hadi 20.67. Ukiangalia pichi nyingine utaona zote zinazunguka palepale: pichi 1 unatoa 1.6, pichi 1.5 unatoa 2.3, pichi 2.5 unatoa 3.6, pichi 3 unatoa 4.4. Ndio maana mimi bila jedwali natumia pichi mara moja na nusu na sijawahi kujuta.

```
shina la uzi     = d - 1.2269 x P
kipenyo cha gruvu = d - 1.5 x P
sehemu iliyonyooka = 2.25 x P (isipungue)
upana wote       = 3.5 x P (usizidi)
mviringo wa kona = 0.5 x P
```

Hapo d ni kipenyo cha uzi na P ni pichi. Hii ni ya kukumbukia, ukiwa na jedwali fuata jedwali. Na kama uzi ni wa inchi, kwanza geuza, 25.4 gawa kwa idadi ya nyuzi kwenye inchi. Uzi wa 12 una pichi ya 2.117, halafu endelea na hesabu hiyohiyo. Hata Withwathi ambao shina lake linaenda chini kidogo zaidi, mara moja na nusu bado inaupita.

Kitu kimoja kuhusu kupima. Venia ukiitumia kwa yale meno mapana ndani ya gruvu ya mm 3 haitafika chini, itakaa kwenye kingo ikudanganye. Tumia ile sehemu nyembamba iliyochongwa kama kisu kwenye ncha, na hata hiyo iwe imenyooka, ukiinamisha unapata namba kubwa kuliko ukweli.

Kina kiko sawa lakini tuli inavunjika au inagonga bega

Hapa shida ni upana. Rodi ile gruvu yake ilikuwa mm 3 tu, upana wa tuli ya kukatishia, akapiga mara moja akaondoka. Sasa piga picha ya tuli ya uzi inakuja kushoto kuelekea begani mashine ikizunguka, wewe mkono mmoja uko kwenye hafu nati inayoisogeza tuli kufuata uzi na mwingine kwenye krosi ya kuivuta nje. Pichi 2 maana yake kila mzunguko tuli inasogea mm 2. Mashine ikiwa mizunguko 100 kwa dakika inasogea mm 3.3 kwa sekunde, ikiwa 200 ni mm 6.7. Gruvu ya mm 3 kwa spidi ya 200 inapita yote chini ya nusu sekunde, na hata hiyo 3 huipati yote.

Kwa nini huipati yote, kwa sababu tuli ina mwili. Tuli ya chuma cha haispidi ya mm 10 iliyonolewa kwa pembe ya nyuzi 60 ncha ikiwa katikati, ikiwa chini kwenye shina, ubavu wake wa kushoto unagusa kona ya juu ya bega la 32 wakati ncha bado iko mm 3 kutoka begani. Mm 3! Yaani kwenye gruvu ya mm 3 ncha haijaingia hata kidogo ubavu ushagonga. Kijana alikuwa analijua hilo kwa hofu tu si kwa hesabu, kwa hiyo alikuwa anavuta tuli mapema, kila mkato anaivuta sehemu tofauti kidogo, na nyuzi mbili za mwisho zikabaki zimekatwa nusunusu. Ndio zile zilizokwaruza rangi.

Turudi kwenye jedwali. Pichi 2, sehemu iliyonyooka isipungue mm 4.5, na kuanzia begani hadi pale uzi kamili unapoanza isizidi mm 7. Hizi namba mbili watu wanazichanganya sana. 4.5 ni sakafu ya gruvu iliyolala, ukianzia begani. Baada ya hapo upande wa uzi haukatwi wima, unapanda kwa mteremko wa pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye mhimili mpaka kufikia 24. Gruvu ina kina cha 1.5 kila upande, mteremko wa 30 unakula kama mm 2.6 kupanda 1.5, jumlisha na 4.5 unapata 7 hivi. Namba zinafungana zenyewe. Mteremko huo unafanya uzi ufifie taratibu, tuli haitoki ghafla kwenye ukuta na ukingo hauvimbi.

Sasa hesabu nafasi halisi ya mkono wako. Ncha inaachana na chuma pale mteremko unapofikia shina, ambapo ni kama mm 5 kutoka begani. Ubavu unagonga ncha ikiwa mm 3. Kwa hiyo una mm 2 za kufungua hafu nati na kuvuta tuli. Kwa mizunguko 100 ni sehemu 6 za 10 za sekunde, kwa 200 ni sehemu 3. Mimi kwa sehemu 3 siwezi, na sioni aibu kusema.

Kuna njia mbili za kujiongezea muda bila kupanua gruvu. Ya kwanza ni kupunguza mzunguko, hilo kila mtu analijua. Ya pili ndiyo naipenda, noa tuli upya. Uzi wa pichi 2 una kina cha 1.23 tu, kwa hiyo ule ubavu wa nyuzi 30 unahitajika kwa upana wa 0.7 hivi kutoka nchani, juu ya hapo hauna kazi. Chonga upande wa kushoto wa tuli uwe wima ukiwa mm 1 kutoka nchani. Sasa ncha inaweza kusogea mpaka mm 1 na bega, nafasi yako imetoka mm 2 ikawa mm 4, kwa mizunguko 100 hiyo ni sekunde moja na zaidi, mtu unapumua kabisa. Angalizo ni kwamba tuli imekuwa nyembamba upande mmoja, usiilazimishe mkato mnene.

Wengine wanageuza, mashine inazunguka kinyume, tuli imepinduliwa uso chini, inaanzia ndani ya gruvu na kwenda kulia kuachana na bega. Hofu ya kugonga inaisha kabisa. Ila tuli bado inahitaji gruvu ya kuanzia, na kama chaki yako ni ya kufunga kwa uzi kwenye spindo usijaribu, itafunguka.

Kama nafasi hakuna, tuseme mchoro umebana, jedwali linayo pia gruvu fupi, kwa pichi 2 ni 2.5 iliyonyooka na 5 kwa ujumla. Hiyo ni ya mashine ya kompyuta ambayo inajua kusimama. Kwa mkono na hafu nati utateseka bure.

Rangi imekwaruzwa kwenye kona tu

Hii ni fupi. Gruvu ina kina, upana upo, nyuzi zote safi, bado jicho linaacha uwazi mwembamba wa kupitisha karatasi. Chanzo ni mviringo wa kona. Kona ya gruvu begani inatakiwa iwe na mviringo, kwa pichi 2 ni R1. Unaanzia kwenye kipenyo cha 21 na kuishia kwenye 23 usoni mwa bega. Tundu la jicho kwa ndani, kwenye vilele vya uzi wake, lina kama 21.8. Kama mdomo wa jicho haujapigwa chemfa, yaani ukingo wake haujachongwa mshazari, ule ukingo mkali wa 21.8 unakutana na mviringo kabla uso haujakutana na bega. Dawa iko kwenye jicho, lipige chemfa mdomoni ifike 24 au ipite kidogo. Usikate mviringo wa rodi ili jicho likae! Niliona mtu kafanya hivyo na ndio inatupeleka kwenye dalili inayouma zaidi.

Rodi inakatikia kwenye gruvu

Ile rodi ya kwanza ilipokataa kukaa, kijana alikata nyingine, na safari hii alijisemea haitarudi. Akashuka mpaka 19. Upana akapeleka mm 6 kwa tuli ileile ya kukatishia, kona zote mbili kali kama kiwembe. Jicho likakaa begani likanyamaza, kila mtu akafurahi, na kabla ya mavuno kuisha rodi ikarudi vipande viwili.

Ukiletewa rodi iliyokatika usiitupe, angalia uso wa mkatiko. Kama sehemu kubwa ni laini ina mistari ya mviringo kama mawimbi yaliyoacha alama kwenye mchanga, na sehemu ndogo iliyobaki ni ya chembechembe, huo ni uchovu wa chuma. Ufa ulianza mahali padogo ukawa unakula kidogo kidogo kila jeki inapofanya kazi, mwisho kipande kilichobaki kikashindwa. Kama uso wote ni wa chembechembe au umevutika, hapo ni mzigo mmoja mkubwa. Ile ya kwetu mistari ilianzia kwenye kona ya gruvu upande wa bega, pale kona ilipokuwa kali kabisa.

Makosa yalikuwa mawili na yalisaidiana. La kwanza ni kipenyo. Kutoka 21 kwenda 19 inaonekana ni mm 2 tu, lakini eneo la chuma linapungua asilimia 18, na nguvu ya kuhimili kupindwa inapungua kama asilimia 26 kwa sababu inafuata kipenyo mara tatu. Na rodi ya jeki inapindwa, usidanganyike kwamba inasukuma na kuvuta tu, pini ya jicho ikishaanza kulika au tela likiinuka upande kuna nguvu ya pembeni na inaishia hapohapo kwenye gruvu. Kumbuka pia ukiikata sahihi, 21 dhidi ya shina la 21.546, unapoteza eneo asilimia 5 tu.

La pili, na kwangu ndilo baya zaidi, ni kona kali. Nguvu ikipita kwenye chuma na kukuta kona ya ghafla inajikusanya hapo. R1 inaisambaza. Kwa hiyo tuli ya gruvu inoe iwe na mviringo kwenye pembe yake ya kushoto kabla hujaanza, angalia kwa geji ya mviringo au hata linganisha na mgongo wa kichimbio cha mm 2 ambacho nusu yake ni hiyo R1. Mviringo usizidi kina cha gruvu, hapa kina ni 1.5, ukiweka R2 utaingia kwenye njia ya jicho. Na sakafu iache laini, mikwaruzo ya tuli butu inayozunguka shafti ni mianzo mizuri sana ya nyufa.

Na kama unafikiria kupanua gruvu ili uwe salama, fikiria uzi unaobaki. Rodi hii kutoka begani hadi mwisho ilikuwa na mm 32. Gruvu ya 7 inaacha 25 za uzi, kama kipenyo kimoja hivi, inatosha. Gruvu ya 12 inaacha 20, na jicho halijakuomba zawadi hiyo.

Ya tatu ilivyokatwa

Nilisimama naye. Kwanza tulikereza 24, tukapima bega. Gruvu ikakatwa kabla ya uzi, hilo ni lazima maana ukikata uzi kwanza hakuna mahali pa kutokea. Tuli ya mm 3 yenye R1 upande wa kushoto, mkato wa kwanza begani mpaka 21.2, tukahama mm 1.5 kulia tukashuka 21.2 tena, hapo sakafu ni 4.5. Halafu tukashuka hadi 20.9 na kuisogeza polepole kwenye sakafu yote kuondoa ngazi. Tukageuza slaidi ya juu nyuzi 30 tukachonga mteremko wa upande wa uzi, tukaweka maka peni kwenye 24 na kuhakikisha mwanzo wa mteremko uko 7 kutoka begani. Tulipata 6.9.

Uzi tukakata kwa mizunguko 100 na tuli iliyochongwa ubavu. Mkato wa mwisho tukaangalia sakafu ya gruvu kwa tochi, haina mchoro hata mmoja. Jicho tukalipiga chemfa mpaka 25, likaingia kwa vidole hadi begani, tukapaka rangi usoni mwa bega, tukakaza na kufungua, rangi imegusa pande zote.

Kijana akauliza kwa hiyo zile washa mbili tumrudishie mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, zake hizo.